Alikuwa anahesabu komenti

Asubuhi ile nilifika ofisini kabla ya saa mbili, nikamkuta binti ninayemsahihishia ripoti keshaketi. Mbele yake kulikuwa na ripoti ya Aprili, ameichapisha yote, na penseli mkononi. Nilikuwa nimemrudishia usiku uliotangulia kwa barua pepe, pembeni imejaa komenti zangu. Nikafurahi kimoyomoyo kwamba anazisoma.

Alikuwa anazihesabu.

"Shikamoo dada," akasema, akajaribu kucheka. "Thelathini na moja. Mwezi uliopita zilikuwa ishirini na sita."

Nikaitikia, nikaenda kuchemsha chai. Sikuwa na la kumjibu. Wiki mbili nzima kauli ile ilinikaa kichwani, hata nikiwa kwenye daladala. Huyu binti ana mwaka mmoja tangu amalize chuo, yuko kwenye kitengo chetu cha ufuatiliaji na tathmini, na kila mwezi anaandika ripoti ya chanjo za watoto kwa zahanati tunazozihudumia. Kila mwezi namrekebisha. Kila mwezi anajibu, "Samahani dada, nitarekebisha." Na kila mwezi makosa ni yaleyale.

Nilikuwa nimeshaanza kumwita mzembe, moyoni tu, bila kutamka. Lakini mzembe hachapishi kurasa kumi na mbili kwa hela yake mwenyewe.

## Sentensi ya ukurasa wa tatu

Ngoja niwaonyeshe kosa lenyewe, maana bila kuliona mtadhani nalalamikia koma.

Zahanati moja ina walengwa 600 kwa mwaka, yaani watoto wasiotimiza mwaka mmoja. Ukigawa kwa miezi unapata 50. Aprili walichanjwa dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta, yaani Penta 1, watoto 55, na dozi ya tatu, Penta 3, watoto 44. Kwa hiyo Penta 1 ni asilimia 110 ya walengwa, na Penta 3 ni asilimia 88. Hapo yuko sawa. Kisha akaandika:

*"Chanjo ya Penta 1 imefanya vizuri kwa asilimia 110, ila Penta 3 imeshuka kwa asilimia 22 kutokana na uhamasishaji uliofanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii."*

Isomeni tena, taratibu. Imeshuka kutokana na uhamasishaji. Yaani wahudumu walipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi akina mama wasirudi.

Nilicheka peke yangu usiku ule, halafu nikaandika komenti tatu kwenye sentensi hiyo moja: "Si sahihi!", "Asilimia ya nini??" na "Fikiria kabla ya kuandika." Leo nikizisoma naona aibu, hasa ile ya tatu. Hakuna aliyewahi kujifunza kukokotoa kwa kuambiwa afikirie.

Lakini angalia sentensi ilichobeba. Ile 22 aliipata kwa kutoa 88 kwenye 110. Hizo ni pointi 22, tofauti kati ya asilimia mbili za walengwa. Msomaji wa halmashauri hataielewa hivyo. Ataelewa kwamba katika kila watoto 100 walioanza chanjo, 22 wamepotelea njiani, na huo ndio utoro wa chanjo tunaoutafuta. Utoro hauupati kwenye asilimia, unaupata kwa watoto wenyewe: 55 toa 44 ni 11, na 11 katika 55 ni asilimia 20. Namba mbili zilizokaribiana, maana mbili tofauti. Ndiyo maana hazigunduliki kwa macho. Zingekuwa 22 na 60 angeshtuka mwenyewe.

Na lugha yetu haimsaidii sana. "Imepanda kwa asilimia 88" na "imepanda hadi asilimia 88" zinatofautiana kwa neno moja dogo, na masikioni zinapita zote. Kutoka 80 hadi 88 ni pointi 8, ila pia ni ongezeko la asilimia 10, kwa sababu 8 ni sehemu ya kumi ya 80. Nimesikia watu wazima wakilikosea hilo kwenye mikutano, na mimi nikiwa mmoja wao.

## Nikazipanga mezani

Jumamosi moja nilichukua ripoti zake nne, Januari hadi Aprili, nikazitandaza. Sikuzisoma kama nazisahihisha. Nilikuwa natafuta kosa gani linarudi na linarudi wapi.

Nikaanza na zile komenti 31 za Aprili. Kumi na mbili zilikuwa za koma, nafasi na herufi kubwa. Mambo ambayo ningeyamaliza kwa dakika tano mwenyewe. Zilizobaki 19 hazikuwa makosa 19. Kumi na moja zilikuwa za "asilimia" isiyo na mwenyewe. Tano zilihusu kiwango kilichopita 100 kusifiwa kama ushindi bila kuuliza walengwa wametoka wapi. Tatu zilikuwa za sababu iliyobandikwa bila ushahidi.

Makosa matatu. Mimi nilikuwa nimempa 31.

Halafu nikaona kitu kingine. Ile "kutokana na uhamasishaji uliofanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii" ilikuwamo kwenye ripoti zote nne, neno kwa neno, ukurasa uleule. Januari kiwango kilipanda kutokana na uhamasishaji. Februari kikapanda. Machi kikabaki palepale, kutokana na uhamasishaji. Aprili kikashuka.

Mtu anayekosea kwa kutojua hukosea kila mara kwa namna tofauti kidogo. Hii ilikuwa nakala.

## "Nionyeshe unavyoanza"

Jumatatu nilivuta kiti nikakaa kando yake. Nikamwambia, "Leo sikusahihishi. Nionyeshe tu unavyoanza ripoti, kana kwamba ni tarehe mosi."

Akafungua ripoti ya mwezi uliopita, akabonyeza `Save As`, akabadilisha jina la mwezi. Kisha akaanza kushuka nayo, namba baada ya namba, anafuta ya zamani anaweka mpya. Akifika penye "imepanda" anatazama jedwali. Kama imeshuka anabadilisha kitenzi. Sentensi iliyobaki haigusi.

Nikamwuliza, "Hiyo ya mwezi uliopita unayoanzia ni ipi? Ile niliyosahihisha?"

Akaniangalia. "Hapana dada. Ni ile yangu. Yako sinayo."

Hapo ndipo nilipoegemea kiti.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi: ananitumia rasimu, naijaza komenti, anarekebisha anazoziweza, ananirudishia usiku wa mwisho. Muda umeisha, mfadhili anangoja, mimi namalizia mwenyewe saa tano usiku na kuituma. Ile iliyo safi inakwenda kwa meneja. Kwake haikuwahi kurudi. Mwezi unaofuata anaanza na rasimu yake ya zamani, makosa yote yamo ndani kama mbegu.

Nusu ya kosa linalojirudia ilikuwa inajirudia kwa sababu ya faili.

Nusu tu, na hapa nisijitie unyenyekevu wa uongo. Kama angekuwa anaelewa ile 22 ni nini, angeiona hata kwenye nakala mbovu. Kulikuwa na kitu cha kufundisha bado. Ila sikuwa nimewahi kukifundisha. Nilikuwa nakifuta tu usiku.

## Jambo ambalo nusura nilifiche

Kuna kipande kilichonisumbua kuliko vyote. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha Julai. Meneja alikuwa keshaniuliza kwenye korido, "Huyu vipi, ripoti zake?" Nikajibu, "Anaendelea."

Nilijua nataka kumwandikia maoni ya upole. Swali likawa: upole huo utakuwa wa nani? Nikimwandikia barua tamu halafu Julai akaitwa kuambiwa mkataba haukuendelezwa, nitakuwa nimejilinda mimi nisione uso wake ukibadilika, basi. Nikiliweka la mkataba ndani ya barua, atalisoma hilo tu. Mengine yote yatakuwa mvua juu ya bati.

Mwishowe nikaamua kulitenganisha. Nilimwambia kwa mdomo, siku moja kabla, tukiwa tunatembea kwenda kula kwa mama ntilie. "Mdogo wangu, mkataba wako unaangaliwa Julai, na ripoti ni sehemu ya kitakachoangaliwa. Sasa hivi hazijakaa sawa. Kesho nitakupa maandishi ya kuanzia, na tuna ripoti mbili kabla ya hapo."

Akanyamaza hatua kama ishirini. "Kwa hiyo naondoka?"

"Sijasema hivyo. Ningejua unaondoka nisingekuwa naandika."

Sina hakika hata leo kama jibu hilo lilitosha. Alikula wali nusu sahani.

## Barua yenyewe

Hii hapa, nimeondoa tu yanayoweza kumtambulisha. Ameniruhusu.

> Mdogo wangu,
>
> Nimesoma ripoti zako nne kwa pamoja. Zile komenti 31 za Aprili zifute. Za koma nitazisafisha mimi. Zilizobaki ni makosa matatu yanayorudi, na mwezi huu tunashughulika na moja tu.
>
> Jedwali la ukurasa wa 5 usiliguse. Nimelilinganisha na fomu za tali za zahanati tatu, halijakosea hata tarakimu. Kosa haliko kwenye kuhesabu kwako. Liko kwenye sentensi zinazolisimulia jedwali.
>
> Ukurasa wa 3 umeandika Penta 3 "imeshuka kwa asilimia 22". Msomaji atafahamu kwamba katika watoto 100 walioanza, 22 hawakurudi. Je, ndivyo ulivyokusudia? Walioanza ni 55, waliopata ya tatu ni 44. Tofauti ni 11, na 11 katika 55 ni asilimia 20. Ile 22 yako ni ya kweli, lakini ni pointi, tofauti ya viwango viwili vya walengwa.
>
> Kwa hiyo kila unapotaka kuandika "asilimia", andika kwanza pembeni kwa penseli: ya nani? Ya walengwa 50, au ya walioanza 55? Usipoweza kujibu, usiandike sentensi bado.
>
> Sehemu nyingine kama hii ziko kumi. Sijaziwekea alama. Zitafute, uzirekebishe, kisha tukae Alhamisi saa nne tuzipitie.
>
> Kuanzia sasa nitakurudishia ripoti iliyotumwa. Uanzie hiyo, si rasimu yako.

Niliiandika mara nne. Rasimu ya kwanza ilianza na "Kwanza nikupongeze kwa bidii yako" na nikaifuta, kwa sababu kila mtu anayejua Kiswahili akisikia pongezi ya namna hiyo anakaa anangoja "lakini". Ile ya jedwali niliiacha kwa sababu ina kazi. Inamwonyesha mahali ambapo kosa halipo, ili asiende kuvuruga na kile kilicho sawa. Na ni kweli nililinganisha, Jumamosi ileile, vinginevyo nisingethubutu kuandika.

Kilichonitia shaka ni zile kumi zisizo na alama. Je, haitaonekana kama mtego? Mwalimu wangu mmoja wa sekondari alikuwa akituficha majibu kwa raha zake tu, na sikutaka kufanana naye. Lakini nikikuonyesha zote kumi na moja, utarekebisha kumi na moja, na mwezi ujao utakuja na nyingine. Nikikuonyesha moja mpaka mwisho, na jibu lake, halafu nikakwambia idadi, una kipimo cha kujua umemaliza au bado. Idadi ndiyo iliyonifanya nione si mtego.

Alhamisi alikuja na kumi na mbili. Zile kumi, na mbili ambazo mimi sikuziona.

## Siku ya rejesta

Kosa la pili, lile la asilimia 110, nililiacha mpaka Mei. Hilo halifundishiki mezani. Walengwa wale 600 wanatokana na makadirio ya sensa, hakuna aliyewahesabu mlangoni kwao. Kiwango kikipita 100, ama makadirio ni madogo, ama waliochanjwa si wa eneo lako, ama tali imehesabu mara mbili. Ripoti haiwezi kukwambia ni ipi. Rejesta ya watoto, kitabu namba 7 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, inaweza, kwa sababu ina makazi ya kila mtoto.

Tukaenda pamoja zahanati. Nikampa kazi moja tu: katika wale 55 wa Aprili, wanatoka vijiji gani? Mimi nikakaa na muuguzi, makusudi, ili nisimsimamie begani.

Baada ya saa nzima akarudi. Tisa walitoka ng'ambo ya mto, wilaya jirani. Zahanati yao iko mbali, hii iko karibu, mama mwenye mtoto wa wiki sita mgongoni hatazami mpaka wa wilaya. Ukiwatoa, wanabaki 46 katika 50, yaani asilimia 92. Ushindi wa 110 umeondoka, ila sasa tuna jambo la kumwambia mratibu wa chanjo wa wilaya: dozi zinazopangwa kwa 50 zinaliwa na watu zaidi.

Hilo nililitegemea. Hili linalofuata sikulitegemea.

"Dada, kuna kitu sikielewi," akasema, kidole bado kwenye rejesta. "Hawa 44 wa Penta ya tatu si wale 55. Angalia tarehe zao za kwanza. Wengi ni Februari."

Bila shaka ni Februari. Penta ya kwanza ni wiki ya 6, ya tatu ni wiki ya 14. Kati yake kuna wiki nane. Watoto waliomaliza Aprili walianza Februari, na Februari walianza 47. Arobaini na saba kwa arobaini na nne: pungufu ni watatu, kama asilimia 6. Ile asilimia 20 niliyoiandika kwenye barua, kwa kujiamini na kwa kalamu yangu, ilikuwa hesabu sahihi ya kitu kisichokuwapo. Nilimlinganisha mtoto wa Aprili na mtoto wa Aprili mwingine.

Kwa wenye kazi hii si ugeni. Ndiyo maana utoro huangaliwa kwa jumla ya miezi mingi, ili tofauti ya mwezi mmoja imezwe. Mimi najua hilo tangu zamani. Ila kwenye barua nilitaka mfano rahisi, nikaurahisisha mpaka ukawa si kweli, na sikumwambia kwamba nimeurahisisha.

Nikamwambia, "Uko sahihi. Barua yangu imekosea hapo."

Muuguzi akacheka. Binti hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, na sikuuliza ni nini.

## Huenda

Ripoti ya Mei ilikuja na "asilimia" moja tu isiyo na mwenyewe. Ya Juni haikuwa nayo. Sentensi ya uhamasishaji imetoweka. Mahali pake aliandika kwamba safari mbili za huduma za mkoba, zile za kupeleka chanjo vijijini, hazikufanyika kwa sababu pikipiki ilikuwa gereji, na akataja tarehe. Mkataba wake uliendelezwa. Sitaki kudai ni kwa sababu ya barua. Meneja hakunieleza alichozingatia, na kufikia hapo nilikuwa nimejifunza kutobandika sababu.

Lakini kuna jipya. Tangu siku ya rejesta anaogopa kusema lolote moja kwa moja. Kiwango huenda kimepanda. Inawezekana watoto waliletwa. Yaelekea jedwali linaonyesha. Jedwali halielekei, jedwali linaonyesha! Nadhani nimempa dawa ya kosa la tatu kabla ya wakati wake, tena kwa dozi kubwa, pale aliponiona mimi mwenyewe nimeteleza.

Ripoti ya Julai iko mezani kwangu sasa. Ina "huenda" kumi na nne. Mbili ni za haki kabisa, penye namba za kijiji kimoja ambacho fomu zake zimelowa mvua. Nimezipigia mstari hizo mbili, nikaandika pembeni, "Hapa ndipo mahali pake. Kwa nini hapa?" Zile nyingine kumi na mbili sijazigusa. Alhamisi saa nne tunakaa.